Mashimo ya Mwalimu Mbunda

"Anawalaza chini kwa nini?"

Mama aliniuliza hivyo huku ameshika mwiko, ugali wa muhogo ukichemka mbele yake. Nilikuwa darasa la tano. Mchana ule Mwalimu Mbunda alikuwa ametupeleka kwenye mteremko nyuma ya shule, akatulaza mmoja mmoja juu ya majani yaliyofyekwa, akachomeka kijiti kichwani na kingine miguuni, kisha akatuambia tuamke, kila mmoja achimbe shimo la urefu wake. Hayo niliyaona kwa macho yangu. Sababu yake sikuiona, na mimi tangu utotoni ni mtu ambaye asipoiona sababu huitengeneza mwenyewe.

Nimekuwa nikilikimbia swali hilo kwa miaka mingi. Lilinipata tena mwaka juzi nikiwa Mbinga, kwenye kazi ya mkataba ya kuzunguka mashambani na kuwahoji wakulima wa kahawa. Siku hiyo nilisimama ukingoni mwa shamba la mama mmoja wa Kimatengo, mlima umesimama kama ukuta, na mlima wote umechimbwa ngoro, mashimo ya mraba yaliyopangwa kama masega ya nyuki, kila shimo na kingo zake nne. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Majani yaliyofukiwa ndani ya kingo yalikuwa yanaoza, na ile harufu, nzito na tamu kidogo, ilinipanda puani nikasahau swali nililokuwa nauliza.

"Dada, unaumwa?" yule mama aliniuliza.

Nikamwambia siumwi. Simu yangu ilikuwa imeshika mtandao hapo mlimani, ikaanza kulia mfululizo. Nilikuwa nimeingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp lililoitwa "Kumuaga Mwalimu". Mwalimu Mbunda alikuwa anatimiza miaka sitini. Anastaafu.

Aliyeniingiza ni Festo, tuliyekaa naye dawati moja kuanzia darasa la tatu, sasa ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi ya Mbinga. Yeye ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi. Jioni ileile alinipigia.

"Msomi, habari za huko juu?"

"Nzuri. Usiniite msomi."

"Nikuiteje, na risala unaandika wewe? Kamati imeshapitisha. Kurasa mbili, zisizidi. Afisa elimu kata ndiye mgeni rasmi, na huyo ukimsomea kurasa tatu analala."

Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema walikosa mwingine anayejua kuweka koma. Nilicheka. Katika wanafunzi wote aliowafundisha mtu yule, kamati ilikuwa imemchagua yule mmoja aliyewahi kumharibia jina.

Lazima nieleze risala ya kumuaga mwalimu inavyotengenezwa, kwa sababu wengi huisikia ikisomwa wakadhani imeandikwa na mtu mmoja aliyeketi na kalamu. Inaanza na kumtambua mgeni rasmi na viongozi wa dini na wa kijiji, kwa kufuata vyeo, na ukikosea mpangilio kuna mtu atanuna hadi wakati wa chakula. Inafuata historia ya utumishi: alipangiwa shule lini, alifundisha masomo gani, alishika nafasi zipi. Zinafuata kumbukumbu. Kisha mafanikio, shukrani, orodha ya zawadi, na mwisho ombi kwa serikali, kwa kuwa hatujui kumuaga mtu bila kuomba choo kipya cha shule. Nakala moja anakabidhiwa mgeni rasmi, nyingine mstaafu, na hiyo ya mstaafu huwekwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni, juu ya kochi, ambapo itasomwa na kila mgeni hadi wajukuu.

Hilo la fremu ndilo lililoninyima raha. Ningeandika nini ambacho kingetundikwa ukutani kwake huku nikijua kimepunguzwa?

Nilipowaomba wenzangu kumbukumbu, kundi lilifurika. Mmoja aliandika jinsi Mwalimu alivyokuwa akivunja kila chaki katikati na kusema, "Nusu ya leo, nusu ya kesho." Mwingine, ambaye sasa ni muuguzi, alikumbuka alivyofundishwa sehemu kwa muhogo wa kuchemsha: waliokosea jibu walibaki na muhogo mzima wasiweze kuugawa, na waliopata wakala. Mtu akaandika juu ya baiskeli yake isiyo na breki, aliyokuwa akiisimamisha kwa kukanyaga tairi la mbele kwa soli ya kiatu. Wote tulikumbuka kwamba aliliogopa ziwa. Mtu wa milimani, mzaliwa wa upande wa Kigonsera, alikuja kwetu pwani ya Nyasa, mbele kidogo ya Lundo, akaishi zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kuingia majini kupita magoti. Alioga kwa beseni. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanazamia mbele yake kumwonyesha, naye alisimama mchangani akiwahesabu vichwa, na hakuondoka mpaka hesabu itimie.

Alikula usipa, dagaa wa ziwa letu, kwa kuwatoa vichwa kwanza. Sisi tuliowatafuna wazima tangu tulipoota meno tulikuwa tunachungulia dirishani kwake tuone maajabu hayo.

Na kila baada ya ujumbe kumi hivi, mtu mmoja aliandika: "Msisahau mashimo." Wakafuata wengine na vikaragosi vya kucheka. Kwao mashimo yalikuwa kichekesho. Hakuna aliyeandika ni nani aliyeanzisha uvumi wake.

Niliyaelewa mashimo yale nikiwa chuo kikuu. Mhadhiri alionyesha picha ukutani, mlima uliochimbwa ngoro, akaeleza jinsi Wamatengo wanavyofyeka majani mvua zikielekea kuisha, wakayaacha yanyauke, wakayapanga chini kwa mistari inayokatana hadi yafanye miraba. Kisha huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya yale majani, na hizo ndizo kingo, na juu yake hupandwa maharage. Maji ya mvua yanaingia shimoni, yanatulia, hayachukui udongo. Majani yanaozea ndani na kuwa mbolea. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye veranda, kwa sababu niliona picha nzima kwa mara ya kwanza. Shule yetu ilikaa chini ya mteremko. Kila masika maji yalishuka na mchanga yakaingia darasa la pili. Mtu yule alikuwa anajaribu kuyazuia kwa njia aliyofundishwa na baba yake. Kipimo cha futi hakuwa nacho, basi akatutumia sisi. Kila mtoto alikuwa na mraba wa urefu wake mwenyewe, wa kuutunza na wa kutafutia eneo kwenye somo la hisabati.

Lakini mtoto wa pwani ataujulia wapi ukulima wa milimani? Kwetu muhogo hupandwa kwenye matuta. Shimo lenye urefu wa mtu tulilijua moja tu. Na wiki mbili kabla, tulikuwa tumemzika mtoto wa darasa la pili aliyekufa kwa malaria. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona jinsi fundi alivyompima kwa mti wa mwanzi.

Nilipolazwa kwenye majani siku ile nilimuuliza, "Mwalimu, unatupimia nini?"

Alikuwa na haraka, jua limeanza kuteremkia ziwa. Akajibu kwa utani wake, "Ili kila mtu apate mahali pake."

Nikaenda nyumbani na maneno hayo. Mama alipouliza anawalaza chini kwa nini, nilitengeneza sababu. Nikasema, "Anatupimia makaburi. Amesema kila mtu atapata mahali pake."

Mama hakupiga kelele. Aliipua sufuria, akajifunga kanga ya pili kiunoni na kwenda kwa jirani. Kesho yake asubuhi nusu ya kijiji ilikuwa mteremkoni na majembe. Mama ndiye aliyekuwa mbele, na ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote.

"Huko kwenu milimani mnazika walio hai? Eti, Mwalimu? Tuambie."

"Mama, hii ni ngoro. Ni shamba."

"Shamba gani la kulaza watoto?"

Mzee mmoja akadakia, "Kama ni shamba, lala wewe kwanza tukuone." Watu wakacheka kicheko kibaya.

Mwalimu Mbunda alisimama na kipande chake cha chaki mkononi. Alijaribu kueleza juu ya maji na mchanga, lakini majembe yalikuwa yameshaanza. Walifukia mashimo arobaini na mawili kabla ya saa nne. Sisi tulitazama kupitia madirisha ya darasa. Alipoingia, alifuta ubao uliokuwa tayari safi, akasema, "Fungueni ukurasa wa hamsini." Hakuniangalia. Hakuuliza nani alisema nini. Kwa miezi mingi nilisubiri aniite, na hakuniita. Kusubiri kule kuliniumiza kuliko fimbo yoyote. Nikajiaminisha kwamba hajui. Baadaye nikajiaminisha kwamba anajua na ananidharau. Nimekwenda na imani hizo mbili hadi utu uzima, nikizibadilisha kama viatu.

Basi nikaandika risala. Kwenye sehemu ya kumbukumbu niliweka chaki, muhogo, baiskeli. Halafu nikaweka aya moja iliyosema kwamba mwanafunzi mmoja wa darasa la tano ndiye aliyeleta uvumi wa makaburi, na kwamba mwanafunzi huyo ni mimi ninayesoma, na ninaomba msamaha. Nikaituma kwa Festo.

Alipiga simu kabla sijaweka maji ya chai.

"Hii aya ya sita inatoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni risala, siyo kitubio. Ukitaka kuungama, padri yupo, atakuwa ameketi meza kuu, mfuate pembeni."

"Festo, ni kweli lakini."

"Mambo mengi ni kweli. Mimi niliiba papai lake, ni kweli pia. Nimwekee kwenye fremu?" Akasema taratibu, "Na mama yako atakuwepo. Umemfikiria? Aliyebeba jembe mbele ni nani?"

Hapo alinishika. Nilikuwa nimejifikiria mimi tu. Aya ikatoka. Tukaweka mahali pake sentensi moja ya Festo: "Hakika mwalimu wetu alikuwa mbunifu katika kilimo." Niliisoma mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake. Sikuupata, na bado iliniwasha.

Sherehe ilifanyika Jumamosi, uwanjani. Ilianza kwa misa ya shukrani, kisha mstaafu na mkewe wakapokelewa langoni. Akina mama walicheza kioda wakiwatangulia, hatua fupi, kanga za sare, ngoma zikipigwa na vijana waliokuwa hawajazaliwa alipoanza kazi. Yeye alivaa suti ya kahawia na kiatu chenye soli iliyolika mbele. Nilipompa shikamoo aliitikia "Marahaba, mwanangu" na kuendelea kunishika mkono, kama anayetaka kusema neno, lakini mshereheshaji alikuwa anamvuta kwenda meza kuu.

Mwalimu mkuu alisoma barua ya kustaafu. Mstaafu akakabidhi funguo za stoo, daftari la vifaa na boksi la chaki. Akalifungua kuonyesha: ndani zilijaa nusu nusu. Watu walicheka mpaka mgeni rasmi akavua miwani. Kisha zawadi, na kwetu zawadi hupelekwa kwa kucheza. Mabati yalibebwa na wanaume wanne wakiyumba kwa mdundo, nyuma yao mbuzi asiyetaka kucheza. Halafu nikaitwa.

Nilisoma vizuri. Vyeo vilikaa kwa mpangilio. Nilipofika kwenye sentensi ya Festo, "Hakika mwalimu wetu," niliinua macho. Nikaona mteremko nyuma ya paa la darasa la pili. Ulikuwa umechimbwa. Miaka ya karibuni wazazi wenyewe, baada ya kuelezwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji, walikuwa wameanza kuchimba ngoro kule juu, na maharage yalikuwa yamechanua. Nikaikunja karatasi.

"Mwalimu," nilisema, "haya hayapo kwenye nakala yako. Ni mimi niliyesema ni makaburi. Nilikuuliza, sikukuelewa, nikaenda nikasema. Mama yangu alisikia kwangu. Wengine wote walisikia kwake. Nisamehe."

Kipaza sauti kilitoa mluzi. Festo aliangalia chini kama mtu aliyeangusha senti. Nilimtafuta mama kwa macho, nikamwona katikati ya wenzake wa kioda, anafungua kanga yake na kuifunga tena, anafungua na kuifunga. Nikaona aibu iliyokuwa yangu nimemgawia hadharani. Nikamalizia risala, ombi la choo na yote, nikakaa.

Mwalimu Mbunda aliposimama kutoa neno la shukrani hakuwa na karatasi.

"Aliyesema nilimjua siku ileile," alisema. "Nilikuwa na watoto arobaini na wawili, na mmoja tu ndiye aliyekuwa akiuliza. Sikumwita, kwa sababu ningemwita angeacha kuuliza. Labda nilikosea. Mtoto ukimwacha bila kumwita, naye anaumia. Hilo nimelisikia leo."

Akanywa maji.

"Lakini kuna jambo ambalo hamlijui. Jioni ya siku ile ya kufukia niliandika barua ya kuomba uhamisho, nirudi kwetu. Niliiweka kwenye bahasha. Kesho yake alfajiri nilipita mteremkoni niichukue njia ya kwenda kupanda gari. Nikakuta shimo moja limechimbwa upya. Moja tu. Wanafunzi wangu wangeyapanga majani chini, udongo juu. Aliyechimba lile aliweka udongo chini, majani juu, kama mtu anayeezeka. Na shimo lilikuwa refu kuliko mtoto yeyote wangu. Nikajua ni mtu mzima wa hapa, hajui kazi ile, na ameamka kabla ya watu kuja kuifanya. Nikaketi ukingoni pale. Nikairudisha barua mfukoni. Sikumtafuta ni nani, maana angetaka nimjue angekuja mchana. Leo naondoka. Kama yupo hapa, asimame nimshike mkono."

Watu walitazamana. Yule mzee aliyemwambia alale kwanza alikuwa ameshakufa, lakini wengi walitazama upande wa familia yake. Festo akanyoosha mkono, watu wakacheka, Mwalimu akamwambia, "Wewe kaa chini, wewe ni wa mapapai." Hakuna aliyesimama. Mshereheshaji akaita muziki, keki ikakatwa.

Nilirudi Mbinga na utulivu nilioshindwa kuuamini. Nilikuwa nimesamehewa, au angalau nimejibiwa, lakini mtu mwingine ndiye aliyekuwa amefanya kazi ya kumbakisha, na mtu huyo hakuwa mimi. Nilimuuliza mama kwa simu alidhani ni nani. Akasema mtandao haushiki vizuri.

Mwaka huu nilikwenda kumsalimia mama mdogo Yustina, mdogo wake mama, nikamkuta anamenya mihogo. Nikaleta habari ile kama ninavyomletea kila mtu, nikihesabu majina kwenye vidole: katekista, bibi wa jirani, mwenyekiti wa zamani.

"Hesabu tu," alisema bila kuinua kichwa. "Utamaliza vidole."

"Mama mdogo, wewe unajua?"

"Mpini wa jembe la kwenu ulivunjika siku ile ya kufukia. Kwa hiyo alikuja kuazima langu." Akautupa muhogo kwenye beseni, akachukua mwingine. "Mama yako alilileta kabla hamjaamka, limeoshwa. Akaniambia, nimechimba moja, mengine sijui yanachimbwaje."